Ngoja Pumzi Irudi

Zilpah alimlilia mumewe mara moja tu maishani, na siku hiyo mumewe alikuwa hai.

Tena hai wa kula. Hezekiah Osundwa alikuwa ametoka kumaliza kuku na bonge zima la obusuma, ugali wa kwao, akasukuma sahani, akajiegemeza kwenye kiti chake chenye mito miwili mgongoni, usingizi ukamchukua. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, pale kwao nje kidogo ya Khwisero. Zilpah aliketi kizingitini akichambua mboga za jioni, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye, akawa anamsikiliza mumewe akipumua. Mabinti zao wote wawili walikuwa wameolewa mbali, kule Lumakanda, na mahindi ya watu yalikuwa yamewameza. Nyumba ilikuwa ya wazee wawili, na mmoja alikuwa amelala.

Pumzi ilianza ndogo, ya mtoto mchanga. Ikakua. Ikakua tena, mpaka kifua kikawa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyepandisha kilima na gunia mgongoni. Halafu ikaanza kupungua. Ikawa ya kawaida, ikawa ndogo, ikawa ya kusikilizwa kwa kutega sikio. Kisha ikaacha.

Zilpah aliinua uso. Kifua kilikuwa kimetulia. Mdomo uko wazi kidogo. Nzi akatua mkononi mwa mzee, na mkono haukumfukuza. Akamwita, "Baba Dorothy." Kimya. Akaangusha mboga, akamfikia, akaweka kiganja mbele ya pua yake, asisikie chochote. Mwanamke wa kwetu akifika hapo hana jambo la kufikiri. Koo lenyewe linajua kazi yake. Zilpah alitoka uani, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe.

Yowe la msiba halina cheti wala haliulizwi maswali. Ukilisikia unaacha jembe palepale unakimbia. Wanawake walitoka kwenye mashamba ya miwa wakiitikia kabla hawajajua wanamlilia nani. Bramwel, mdogo wake Hezekiah, boma lake likiwa ng'ambo ya kijito, alifika na kiatu kimoja. Walipojaa mlangoni kwa vilio, walimkuta marehemu ameketi wima kitini, macho yamemtoka, anahema.

"Nani amekufa?" aliuliza Hezekiah.

Mama mmoja aliyekuwa amejitupa chini aliinuka polepole, akajikung'uta sketi, akaenda zake bila kuaga.

Ingelikuwa mahali pengine watu wangecheka, yakaisha. Lakini kwa watu wa pale, kumlilia mtu aliye hai si kichekesho. Kilio ni kumfungulia mtu lango, na lango hilo haliachwi wazi. Bramwel aliita kikao jioni ileile. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya mduara aliyoinunua miwa yake ya kwanza ilipolipwa, na tangu aipate ile kofia alikuwa amezidi kuwa mzee wa ukoo.

"Mulamwa," alimwambia Zilpah, kwa lile jina la heshima la mashemeji, "mtu akilala, si analalanga tu? Wewe uliona nini?"

"Aliacha kupumua."

"Akaacha, halafu akaanza?"

"Aliacha, Bramwel. Niliweka mkono puani."

"Mtu akiacha kupumua hakuna kuanza tena. Hiyo hata mtoto anajua." Akawageukia wenzake. "Kuna kitu mwanamke huyu ameona ndani ya moyo wake, si kwa macho."

Hapo ndipo palipomuuma. Walichomaanisha kilieleweka: kwamba alikuwa anakitamani kifo cha mumewe. Miwa ilikuwa imepanda bei, kila mwenye kipande cha shamba alikuwa ameng'oa mahindi na kupanda miwa hadi mlangoni, na katika miaka ile mjane mwenye shamba la miwa alitazamwa kwa jicho jingine. Zilpah alimtazama Hezekiah ili aseme neno. Hezekiah alikuwa anatazama miguu yake, ambayo siku hizo ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia. Hakusema. Ikaamuliwa Zilpah aende kwao Iguhu kwanza, mpaka kondoo wa kutakasa boma apatikane na mambo yatengenezwe.

Kondoo alipatikana upesi. Mambo ndiyo hayakutengenezwa.

*

Mwanamke aliyezeeka kwa mumewe akirudi kwao, anarudi kama mgeni asiye na siku ya kuondoka. Kakake, Nehemiah, alimpa chumba kilichokuwa cha kuhifadhi mbolea. Hakumtukana, hakumnyima chakula. Alimtendea vizuri sana, na huo uzuri ndio uliomchosha, kwa sababu mtu hutendewa vizuri hivyo pale asipokuwa wake. Wake wa kakake walinyamaza akiingia jikoni. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi nyingi.

Alipalilia shamba lisilo lake, akachota maji yasiyo ya nyumba yake. Na kila alipopumzika, mambo yalimrudia: ile pumzi inayokua, inayopungua, inayoacha. Aliipitia tena na tena. Nzi yule mkononi. Kiganja mbele ya pua. Aliacha, alijiambia. Mimi niliona. Lakini mtu akikaa peke yake na jambo ambalo hakuna anayemwamini, mwishowe hata yeye mwenyewe huanza kujitilia shaka. Akaanza kujiuliza kama Bramwel hakusema kweli, kama huko ndani yake hapakuwa na kitu kilichochoka kuosha miguu iliyovimba na kupanga mito kitandani. Swali hilo hakumwuliza mtu. Lilimlaza na kumwamsha.

Yeye na Hezekiah walikuwa wameishi vizuri, si vibaya. Hezekiah alikuwa mtu wa kiwandani. Kiwanda cha sukari kilipofunguliwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandikwa, na kazi yake ilikuwa ya chokaa. Maji ya miwa yakikamuliwa huwa na ukali. Yakichemshwa hivyo sukari inaharibika. Kwa hiyo yanatiwa maji ya chokaa kuua ukali, lakini yakizidi nayo maji ya miwa yanakuwa meusi. Hezekiah alisimama kwenye koki ya chokaa miaka na miaka, akipima kwa vikaratasi vinavyogeuka rangi, akifungua kidogo na kufunga kidogo. Alirudi nyumbani nguo nyeupe kama mwokaji mikate. Hakuwa msemaji. Zilpah aliuzoea ukimya wake, akaupenda hata. Lakini ukimya wa siku ya kikao haukuwa ule alioupenda.

Mabinti waliandika, kisha wakaacha. Msimu wa mvua ulikwisha, mwingine ukaja.

*

Habari ililetwa na Nehemiah kutoka sokoni. Hezekiah amelazwa hospitali ya Kakamega. Amebebwa kwa trela ya miwa mpaka barabarani, hajiwezi.

"Wamekuita?" Nehemiah aliuliza.

"Hawajaniita."

"Basi ukienda, utasemwa."

"Nimeshasemwa," alisema Zilpah, akafunga leso kichwani.

Wodi ya wanaume ilikuwa na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu na ya uji. Ilikuwa saa ya mchana ambayo wagonjwa wamekula na wamelala, na wauguzi wanapata nafasi ya kuvuta kiti. Kitanda cha Hezekiah kilikuwa karibu na dirisha, upande wa kichwa umeinuliwa kwa vipande vya mbao. Alikuwa amekonda uso na kunenepa miguu. Amelala. Pembeni aliketi muuguzi wa makamo, mnene, mwenye kofia nyeupe iliyokaa upande, macho yake yako kifuani kwa mgonjwa. Ndiye Sista Mideva, aliyesimamia wodi ile, na wagonjwa walimwogopa kuliko daktari.

"Wewe ni nani wake?"

Zilpah alisita. Hakujua bado ni nani wake. "Mama wa watoto wake," alisema.

Akasimama miguuni pa kitanda. Na pale aliposimama, ikaanza. Pumzi ndogo. Ikakua. Kifua kikapanda kilima kilekile. Ikapungua, ikapungua, ikawa uzi. Ikakatika.

Zilpah alihisi yowe linapanda. Lilimjaa kifua, likafika kooni, akalishika kwa meno: aliingiza pindo la leso mdomoni akaling'ata. Machozi yakatoka bila sauti. Alimtazama Sista Mideva, na Sista Mideva hakuwa ameruka wala kuita mtu. Aliinua kidole kimoja tu.

"Ngoja," alisema.

Wakangoja. Nje mtu alikuwa anafagia. Ufagio ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi. Kisha kifua cha Hezekiah kikatikisika, pumzi ndogo ikaingia, ya mtoto mchanga, na nyingine, kubwa kidogo kuliko ile.

Zilpah aliketi sakafuni pale alipokuwa. Alitoa leso mdomoni. "Sista," alisema, "nisikie vizuri. Hapo alikuwa ameacha kupumua?"

"Ameacha."

"Ameacha kweli kweli? Si macho yangu?"

"Kabisa. Anafanyanga hivyo tangu aletwe. Mbona?"

Basi Zilpah akalia, lakini si kilio cha msiba. Akaeleza yote hapo sakafuni, Jumapili, kuku, yowe, kikao, chumba cha mbolea. Sista Mideva alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamvuta mkono akamkalisha kwenye kiti chake.

"Mama, wewe hukukosea kuona," alisema. "Ulikosa tu kungoja."

Halafu akamweleza, kwa Kiswahili chake cha Kimaragoli, taratibu, jinsi alivyozoea kuwaeleza watu wanaoogopa.

"Watu wanafikiria tunapumua kwa sababu tunaamua. Hapana. Ukilala nani anaamua? Kuna wapimaji ndani ya mwili. Wako huku nyuma ya kichwa, shingo inapoanzia, na wengine hapa kando ya shingo. Wanaonja damu. Damu ikiwa na hewa chafu nyingi, wanasema: pumua. Ikipungua, wanasema: punguza. Mimi na wewe moyo wetu una nguvu, damu ikitoka kwa mapafu inafika kwa wapimaji upesi. Kosa ni dogo, marekebisho ni madogo. Hata huoni. Tuko sawa?"

"Tuko sawa."

"Mzee moyo wake umechoka. Unasukuma damu polepole, inatembea kama mtu mwenye kidonda. Na mapafu yake yana maji, yanamchokoza apumue kupita haja. Kwa hiyo anapumua sana, hewa chafu inatoka, inatoka, inapita kiasi. Lakini wapimaji hawajui bado! Damu hiyo safi iko njiani. Ikifika, wanashtuka: pumzi ni nyingi mno, acha. Anaacha. Sasa amenyamaza, hewa chafu inajaa tena huku mapafuni, na wapimaji bado wanaonja ile damu ya zamani, wanasema nyamaza tu. Hata habari mpya ifike, hewa chafu imejaa sana. Wanapiga kelele: pumua, pumua! Ndiyo unaona kifua kinapanda hivyo. Halafu yanarudi yaleyale. Wanatoa amri nzuri, mama, lakini kwa habari iliyochelewa."

"Na akiwa macho?"

"Akiwa macho kuna mengi yanamsukuma apumue, mazungumzo, mawazo, kelele. Akilala wanabaki wapimaji peke yao. Ndiyo sababu inaonekana usingizini. Ikizidi sana utaiona hata akiwa macho."

Hezekiah alikuwa amefungua macho. Watu wa namna yake huamka pale pumzi inapokuwa kubwa kabisa, wakidhani wamekabwa. Alikuwa amesikia nusu ya maneno, na alikuwa anamtazama mkewe kama mtu anayeogopa kupepesa macho.

"Ni chokaa," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Nini, mzee?"

"Ni chokaa hiyo, Sista. Nilipoanza kazi, walituwekea mahali pa kupimia mbali na koki. Bomba refu. Napima, nakuta ukali, nafungua koki. Napima tena, bado ukali, nafungua zaidi. Kumbe chokaa yangu bado iko kwa bomba. Ikifika, yote yanakuwa meusi. Nafunga kabisa. Inarudi ukali. Mchana mzima tunakimbizana, mimi na chokaa, huku na huku. Msimamizi wetu alikuwa ananiambianga, Osundwa, fungua kidogo, halafu ngoja mpaka uone ulichofanya." Akapumzika. "Kumbe kifuani kwangu kuna mtu kama mimi, siku ya kwanza kazini."

Sista Mideva alicheka mpaka kofia ikateleza. Alisema huo mfano ataukopa, na kwamba wao dawa yao ni mbili: kulitia bomba nguvu, na kukausha maji yanayomchokoza. Sindano ya kukojoza na vidonge vya moyo. Chumvi aiage. Moyo ukipata nguvu, habari zitafika mapema, na pumzi itatulia yenyewe.

*

Bramwel alikuja siku iliyofuata na kofia yake. Alipomwona Zilpah kando ya kitanda alisimama, akakohoa kikohozi cha kikao.

"Mulamwa, hapa umefikaje? Boma limetakaswa, unataka kumlilia tena?"

Kabla Zilpah hajajibu, Sista Mideva alikuwa amemwekea Bramwel kiti. "Karibu, baba. Kaa hapa karibu na ndugu yako. Mshike mkono. Amelala vizuri." Kisha akaondoka, akajifanya anapanga vitambaa kwenye meza, na Zilpah akajua la kufanya. Akanyamaza.

Bramwel alimshika ndugu yake mkono. Alimpenda, hilo lazima lisemwe, mtu anaweza kuwa na kofia na bado akapenda. Pumzi ikakua, akatazama kwa wasiwasi. Ikapungua, akatulia. Ikaacha. Bramwel alitega sikio. Akainama. Akaweka kiganja mbele ya pua, vilevile, kama aliyefundishwa.

"Hezekiah?" alisema. "Hezekiah! Woi! Woi, ndugu yangu! Amekufa!"

Alikuwa ameshafika mlangoni mwa wodi, kofia imebaki kitandani, wagonjwa wameinuka kwenye mito, mmoja ameanza kumsaidia kulia, pale Hezekiah alipovuta pumzi nyuma yake.

Zilpah alimfuata ukumbini. Alikuwa na maneno ya msimu mzima, ameyapanga chumbani mwa mbolea moja baada ya jingine. Alimkuta Bramwel amejishika ukutani, uso umelowa. Maneno yote yakamponyoka.

"Usilie, Bramwel," alisema. "Utafungua lango."

Bramwel hakuomba msamaha, wanaume wa kofia hawajui mlango wake uko wapi. Lakini siku Hezekiah aliporuhusiwa kwenda nyumbani, Bramwel ndiye aliyekwenda Iguhu kumchukulia Zilpah sanduku lake, akalibeba kichwani mwenyewe katikati ya watu, na mkononi ameshika jogoo kwa ajili ya Nehemiah. Aliyetaka kuona aliona.

Hezekiah naye alikawia. Walikuwa wamekwisha kukaa nyumbani siku nyingi, miguu imepungua, viatu vinaingia, ndipo aliposema, wakiwa wawili tu uani.

"Siku ya kikao. Nilijua hukusema uongo. Nilikuwa naamka nimekabwa kila siku, nilijua kuna kitu. Niliona aibu. Nikaona wakisema ni wewe, basi si mimi."

Zilpah aliendelea kumenya viazi. Alitaka kumwambia yote kuhusu benchi la kanisani. "Habari yako imechelewa," alisema.

"Bomba langu ni refu," alisema Hezekiah.

Zilpah alicheka ingawa hakutaka. Ila moyo haukufunguka wote siku hiyo. Ulifunguka kidogo, akangoja aone.

*

Waliishi hivyo miaka kadhaa ya miwa. Trela zilipita na kuangusha mabua, watoto wakayagombania, bati mpya zikang'aa vilimani, redio zikalia kila boma. Zilpah alijifunza kazi ambayo hakuna aliyemwandika. Kila mchana mzee akilala kitini, aliketi kizingitini akisikiliza. Pumzi ilipokuwa laini, isiyo na vilima wala mabonde, alijua vidonge vinafanya kazi. Vilima vikianza kurudi, alijua amekula omena, dagaa za chumvi, kwa jirani.

"Umekula."

"Nani amekwambia?"

"Wewe mwenyewe, ukiwa umelala."

Kwa zile pumzi zinazoacha alijitafutia kipimo. Saa hakuwa nayo. Alisema Baba Yetu, polepole, kimoyomoyo. Siku nzuri hapakuwa na haja hata ya kuanza. Siku mbaya pumzi ilirudi alipofika kwenye mkate wa kila siku. Hapakuwa na siku iliyovuka mkate. Aliuamini huo mkate kuliko alivyoamini dawa.

Ulikuwa upweke wa aina yake. Mtu unayemlinda amelala, hajui. Ukimsimulia anacheka. Kuna jambo linatokea nyumbani kwako kila siku, mtu wako anaondoka na kurudi, na shahidi ni wewe tu, na huwezi kuita mtu. Wakati mwingine, katikati ya kimya, Zilpah alimchukia kidogo kwa kumwacha hapo mlangoni akisubiri. Kisha pumzi ilirudi, akamsamehe, akaendelea na mboga.

Mwaka ule miwa ya Bramwel ilipokatwa, moyo wa Hezekiah ulianza kushindwa na vidonge. Sista Mideva alimwambia Zilpah ukweli hospitalini, akimshika bega: kuongeza dawa wataongeza, lakini kuna mahali bomba haliwezi kutiwa nguvu tena. Mzee alitaka kwenda nyumbani. Wakamrudisha. Sasa vilima na mabonde vilionekana hata akiwa macho; alisema nusu ya sentensi, akanyamaza, akaimalizia baadaye, na Zilpah alijua kumngojea katikati ya neno.

Ilikuwa mchana. Wakataji walikuwa shambani, mapanga yanasikika, mtu anaimba kwa mbali. Hezekiah alikuwa kitini na mito yake, sasa minne. Alikuwa ameanza kumwambia kitu kuhusu mlango wa ghala unaohitaji bawaba, kisha akafumba macho. Pumzi ilikua. Haikukua sana kama zamani. Ikapungua. Ikawa uzi. Ikaacha.

Zilpah aliweka kisu chini, akaanza Baba Yetu.

Alifika kwenye mkate. Akatazama kifua. Akausema mkate mara ya pili, kwa sababu huenda alikuwa ameharakisha. Akaendelea. Akafika kwenye makosa, mahali ambapo hakuwahi kufika katika miaka yote ile akiwa kizingitini pale. Akaomba wasamehewe, na yeye akasamehe waliomkosea, mmoja mmoja, na yule aliyekuwa kitini akamsamehe mwisho. Akafika Amina.

Alisogeza kigoda karibu, akamshika mkono. Akaanza tena mwanzo.

Bramwel alikuja kuomba maji ya wakataji. Alisimama mlangoni, akamwona Zilpah midomo ikicheza, akamwona ndugu yake. Alivua kofia. Alisimama hivyo muda mrefu, na mapanga yakaendelea kule shambani, na jua likatoka kwenye sakafu likapanda ukutani.

"Mulamwa," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo sana. "Niite watu?"

Mkono ulikuwa umeanza kupoa, na Zilpah alijua. Alijua tangu Amina ya kwanza. Lakini alikwisha kulia mapema mara moja, na kulimgharimu. Hakuna mtu duniani atakayemwambia tena kwamba hakungoja.

"Bado," alisema. "Kaa, Bramwel. Ngoja kidogo."

Bramwel akavuta kigoda, akaketi, akangoja naye.